Usivunje betri kuukuu, ndani yake mna sumu

MSOMAJI, wengi wetu mjini Isiolo tuna shimo la takataka nyuma ya nyumba. Linapojaa huwashwa moto jioni, na asubuhi mambo yamekwisha. Kwa maganda ya viazi na karatasi sina neno. Lakini kuna vitu ambavyo havifai kabisa kufika katika shimo hilo wala katika jaa la mji: betri ya gari au ya sola, betri ya simu, na zile taa ndefu za mrija ambazo ndani yake mna zebaki. Leo nitakaa zaidi na hiyo ya kwanza, kwa sababu ndiyo tunayoidharau kuliko zote na ndiyo inayoumiza watoto kimyakimya.

Mji wetu ni lango la kaskazini. Betri ya sola inayouzwa hapa huenda Merti, Garba Tulla, Laisamis na kwingineko kuwasha taa na kuchaji simu katika maboma yasiyo na stima. Betri ya aina ya tindikali haiishi milele. Ikitumiwa hadi kukauka kila usiku, miaka miwili au mitatu huwa imechoka. Kisha inarudi mjini juu ya lori, na anayeingojea ni mnunuzi wa vyuma kuukuu.

Betri ya sola ya kadiri, ile ya ampea 100, ina uzito wa kilo 25 hadi 30. Zaidi ya nusu ya uzito huo ni madini ya risasi, yale yale mazito ambayo wavuvi hufungia nyavu. Sehemu ya risasi hiyo ni mabamba magumu, na sehemu ni unga laini uliopakwa juu ya mabamba. Vyote vimezama katika tindikali kali. Mradi sanduku lake la plastiki ni zima, betri hiyo haimdhuru mtu. Unaweza kuiweka pembeni mwaka mzima bila hatari, ikiwa imesimama wima na watoto hawaifikii.

Hatari huanza pale inapofunguliwa, na sababu ya kuifungua ni pesa. Tindikali ni uzito usiomfaa mnunuzi, naye hulipia risasi na nauli ya lori. Kwa hivyo betri hupinduliwa, maji yake yakamwagwa mchangani, kisha sanduku likapasuliwa kwa shoka. Watu hudhani kilichomwagika ni tindikali tu, nayo itakauka juani. Waama tindikali hupoa, lakini ilikuwa imebeba unga wa risasi, na huo hauozi, haukauki, wala haupotei. Hubaki katika vidole vichache vya juu vya udongo, pale pale watoto wanapocheza. Wengi huuliza kuhusu maji ya kisima, lakini kwa kawaida risasi hung'ang'ania udongo na haizami mbali. Njia yake kubwa ya kuingia mwilini ni vumbi, na vumbi la Isiolo mnalijua.

Baya zaidi ni kuyeyusha. Risasi huyeyuka kwa moto wa makaa ya kawaida, na kwa hivyo mtu yeyote mwenye sufuria kuukuu anaweza kuisubu uani kwake. Moshi wake huangukia nguo zilizoanikwa, chakula na matandiko.

Tufanye hesabu kidogo. Mwaka 2024 idara ya mazingira ya Marekani ilishauri kwamba udongo wa nyumbani wenye zaidi ya miligramu 200 za risasi kwa kila kilo uchunguzwe. Kilo moja tu ya risasi, yaani sehemu ndogo ya betri moja, inatosha kufikisha tani 5 za udongo katika kiwango hicho. Ukizitandaza tani hizo kwa unene wa inchi moja, utafunika karibu thuluthi ya ploti ya futi 50 kwa 100. Sasa fikiria uwanja ambapo betri kumi hupasuliwa kwa juma.

Mtoto ndiye anayelipa. Tumbo lake hunyonya risasi mara 4 hadi 5 kuliko la mtu mzima, naye hutambaa chini na kutia mikono mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Lilishauri mwaka 2021 kwamba damu ikipatikana na mikrogramu 5 kwa kila desilita, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Katika viwango hivyo vya chini hutaona dalili yoyote. Mtoto hula, hucheza, ila masomo humshinda na hasira huwa karibu. Viwango vikipanda huja maumivu ya tumbo, choo kigumu na upungufu wa damu. Vikizidi sana huja degedege, na hapo tunakimbilia kusema ni malaria.

Wakenya hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu wapatao 3,000. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa hapo. Mwanawe mchanga aliugua, na damu yake ilipopimwa ilikutwa na risasi. Mama huyo aliacha kazi akaanza kupigania jirani zake. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikautengua uamuzi huo, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Hesabu miaka hiyo, msomaji: aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa alikuwa akikaribia umri wa kitambulisho kesi ilipokwisha.

Kile kilikuwa kiwanda. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembeni mwa Dakar, Senegali, hapakuwa na kiwanda. Palikuwa na watu wa kawaida waliopasua betri na kuchekecha mchanga ili kuokota vipande vya risasi na kuviuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Mfano huo ndio unaonitia hofu zaidi, kwa kuwa ndio unaofanana na sisi.

Kuna jambo jingine ambalo wafugaji wa mji huu watalielewa upesi kuliko watu wa Nairobi. Ng'ombe hupenda kulamba mabamba ya betri iliyovunjika, kama anavyolamba chumvi. Akikuta vipande hivyo jaani hulamba na hata kumeza. Baada ya siku chache huacha kula, husaga meno, masikio na kope humchezacheza, hutembea kama kipofu na kusukuma kichwa ukutani. Ndama hufa haraka zaidi. Ukiona hayo, mwite daktari wa mifugo na umweleze aliokuwa akizurura wapi. Wala usimchinje upesi ili kuokoa hasara, maana risasi hukaa katika maini, figo na mifupa, na hupita katika maziwa.

Basi ufanyeje na betri iliyokufa? Iuze, lakini iuze ikiwa nzima na tindikali yake ndani. Wauzaji wengi wa betri hukupunguzia bei ya mpya ukirudisha kuukuu, na hiyo ndiyo njia bora, kwa kuwa nao huikabidhi kwa viwanda vyenye leseni. Ukimuuzia mnunuzi wa vyuma, muulize leseni, ambayo sheria ya mwaka 2015 inamtaka awe nayo. Akikuambia umwage maji kwanza, mnyime. Najua shilingi anazokuongeza mwenye shoka ni tamu, lakini mchanga utakaobaki na sumu ni wa uani kwako. Iwapo imemwagika tayari, waondoe watoto na mifugo, vaa glavu za mpira na viatu vilivyofunika mguu, mwagia magadi au majivu mengi, kisha chota udongo huo ungali na unyevu na uutie katika ndoo yenye kifuniko. Usiufagie ukiwa mkavu. Ndoo hiyo nayo isiende jaani. Ripoti kwa afisa wa afya ya umma au ofisi ya NEMA.

Simu nayo ina hadithi yake, ingawa ni fupi. Betri ya simu ni ya lithiamu, haina risasi, ila hasira yake ni moto. Ikitobolewa, ikikunjwa au ikitupwa katika shimo linaloungua, hulipuka na kutoa mvuke unaounguza mapafu. Ikianza kuvimba hata kusukuma kioo cha simu, acha kuichaji siku hiyo hiyo. Usiibonyeze wala kuitoboa ili hewa itoke, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi. Iweke juu ya mchanga katika mkebe usiofungwa kabisa, nje ya nyumba, kivulini. Betri nzima unayoihifadhi ifunike vichwa vyake kwa utepe wa gundi ili isigusane na chuma. Simu kuukuu itoe laini, futa picha na nambari zako, kisha uulize katika duka la kampuni ya simu kama wanapokea vifaa chakavu. Jijini Nairobi kiko kituo cha WEEE ambacho kazi yake ni kuvifungua vifaa hivi kitaalamu.

Mtu wa Isiolo atauliza, na ana haki, kama kweli atapanda gari kilomita karibu 300 kupeleka simu moja iliyokufa. Hatapanda. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtwika anayetengeneza au kuagiza bidhaa jukumu la kuikusanya inapochakaa. Bidhaa hizi zilitufikia bila taabu hadi Merti. Kwa maoni yangu serikali ya kaunti ingewabana waagizaji hao waweke pipa lenye kufuli karibu na soko na jingine kwenye stendi ya magari ya kwenda Marsabit, na lori zinazorudi Nairobi tupu zilipwe kubeba. Uwanja wa kupasulia betri usipewe kibali kando ya shule wala ukingoni mwa laga.

Na kama mtoto wako amekuwa akicheza mahali betri zilipopasuliwa, usingoje dalili. Mweleze daktari waziwazi na umwombe kipimo cha risasi katika damu. Hospitali ikiwa haina mashine, sampuli inaweza kutumwa kwenye maabara kubwa. Dawa za kuitoa risasi zipo kwa viwango vya juu, lakini hazifai kitu mtoto akirudi kwenye mchanga ule ule. Wakati unangoja majibu, mnawishe mikono kabla ya kila mlo, piga deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, na mpe maziwa, maharagwe na mboga za majani, kwa kuwa mwili wenye madini ya chuma na kalisi ya kutosha hunyonya risasi kidogo zaidi.