Kidirisha Kinapokuambia Umecheza Saa Nzima

Hapa Bugeshi, mwendesha pikipiki mmoja niliyewahi kumfundisha alinionyesha simu yake akicheka. Katikati ya mchezo wa kamari kilichomoza kidirisha: amecheza dakika 60, ameweka madau ya faranga 24,000, ameshinda 22,600. Chini yake palikuwa na vitufe viwili, cha kuondoka na cha kuendelea. Akasema, "Mwalimu, mashine hii haijui hesabu. Mimi nilitia 3,000 tu. Hizo 24,000 nimezitoa wapi?"

Mashine ilikuwa inajua hesabu vizuri. Alikuwa akicheza Aviator, ule mchezo wa ndege inayopaa hadi itoweke ghafla, kwa dau la faranga 200, mara mbili kila dakika. Mara 120 kwa saa, kila mara 200: ndizo 24,000. Fedha zile zile zimepita mezani mara nane. Waundaji wa mchezo huo hutangaza kwamba hurejesha asilimia 97, na wachezaji wengi hudhani maana yake ni kwamba aliyetia 3,000 atapoteza 90. Sivyo. Asilimia tatu hukatwa kwa wastani katika kila faranga inayowekwa dau, kila inapowekwa upya. Kwa madau ya 24,000 wastani wa hasara ni 720. Yeye bahati ilimpungukia, akapoteza 1,400. Kwa hiyo saa ile haihesabu dakika tu. Inahesabu ni mara ngapi fedha imepitishwa kwenye meno ya msumeno.

Lakini kidirisha nacho kina upofu wake, na hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo, ndugu msomaji. Kwenye tovuti ile kilijua kikao kimoja tu. Kijana alibonyeza kuondoka, akanywa chai, akaongeza 2,000 kutoka kwenye simu, akaingia tena. Saa ikaanza sifuri. Kikao cha pili akapoteza 2,600. Cha tatu akapata faida ya 500, akatoa 1,500 zilizobaki, akalala akiamini kwamba siku imeisha vyema, kwa sababu kidirisha cha mwisho kilimwonyesha faida. Tulipofungua ujumbe wa Mobile Money tulikuta ukweli mfupi: zimetoka 5,000, zimerudi 1,500. Hasara ni 3,500. Hakuna kidirisha hata kimoja kilichosema uongo, wala hakuna kilichoandika namba hiyo.

Upofu wa pili ni kwa wabetio mpira. Mkeka huwekwa kwa dakika mbili, kisha mtu hukaa jioni nzima akisubiri matokeo. Kwake saa ya kikao ni pambo tu. Kinachomfaa ni kikomo cha fedha kwa wiki.

Je, onyo lenyewe humzuia mtu? Mwaka 2014 Michael Auer, Doris Malischnig na Mark Griffiths walichapisha utafiti juu ya ujumbe uliochomoza baada ya michezo 1,000 mfululizo ya mashine za sloti mtandaoni. Walioacha papo hapo walikuwa wengi kuliko kabla ya ujumbe kuwekwa, lakini bado ilikuwa takriban kikao kimoja kwa kila 100. Uingereza, tangu Oktoba 2021, sloti za mtandaoni hulazimika kuonyesha muda na faida au hasara halisi wakati wote wa kikao. Naona hilo ni bora kuliko kidirisha cha kufutwa kwa kidole, ingawa nalo huhesabu kikao tu.

Anayecheza, naye awe ametimiza miaka 18, na auweke muda kabla ya kutia fedha, si baada ya kupoteza. Achague ulio mfupi kabisa katika orodha, kwa kuwa baada ya saa nzima mkono umekwisha kuzoea. Kidirisha kikitokea, asitazame mstari wa ushindi. Atoe ushindi katika madau, aandike tofauti kwenye karatasi, na kikao kipya akiandike chini ya kile cha zamani. Jioni alinganishe jumla hiyo na ujumbe wa Mobile Money. Zikipishana, baada ya kuhesabu salio lililobaki kwenye tovuti, basi kuna kikao alichokisahau, au alichotaka kukisahau.

Tovuti isiyo na saa yoyote? Simu nyingi za Android zina Digital Wellbeing, ambayo huwekewa dakika za kutumia programu na kuifunga hadi siku ya pili. Kufuli hilo hufunguliwa na aliyelifunga, najua. Kijana wangu alilifungua usiku wa tatu. Siku ya nne akampa dada yake ashike namba ya siri ya Mobile Money, na sasa huiomba fedha ya mafuta asubuhi kwa asubuhi.