Haraka ya Nani? Kuhusu Namba ya Simu Katika Ujumbe wa Likizo

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi kwa sababu nilikuwa likizoni nyumbani Wundanyi, kule milima ya Taita. Nimerudi, na leo nataka kuzungumzia sentensi moja ambayo wengi wetu huiandika bila kufikiri tunapofunga tarakilishi kwenda likizo: "Kwa jambo la haraka, nipigie simu."

Sentensi hiyo nimewahi kuiandika, nikaifuta, kisha nikaiandika upya. Mara mbili za kwanza ziliniumiza, kila moja kwa njia yake.

Kwanza mjue ninafanya kazi gani. Tuko waunda programu wanne katika kampuni ndogo Nairobi. Tuna mfumo wa karo za shule: mzazi analipa kwa M-Pesa kupitia namba ya Pay Bill ya shule, M-Pesa inaiarifu seva yetu, nayo seva inaandika malipo kwenye akaunti ya mwanafunzi. Mhasibu wa shule anafungua ukurasa wake na kuona nani amelipa.

Likizo yangu ya kwanza ilikuwa Desemba 2022. Nikaweka jibu la moja kwa moja kwenye barua pepe, lenye sentensi ile na namba yangu. Katika siku tano nilipigiwa simu kumi na moja. Mhasibu mmoja alisahau nywila. Mwingine alitaka nembo ya shule ibadilishwe kwenye risiti kabla ya Januari. Wawili walikuwa wauzaji wa vitu ambavyo sijawahi kuvihitaji. Bosi alipiga kuuliza tu, "Kijana, ile ripoti iko wapi?" Katika kumi na moja hizo, iliyonihitaji mimi kweli ilikuwa moja.

Niliwakasirikia, lakini baadaye niliona kosa lilikuwa langu. Niliandika "haraka". Haraka ni hali ya anayepiga, si hali ya jambo lenyewe. Yule wa nembo alikuwa na haraka ya kweli, mwalimu mkuu wake alikuwa amemsimamia kichwani. Nilimwambia apige akiwa na haraka, naye akapiga. Dharura ni kitu kingine: ni jambo ambalo lisiposhughulikiwa sasa hivi, kuna mtu anaumia au kuna kitu kinapotea.

Kuna jingine ambalo sikulifikiria. Jibu la moja kwa moja halijui linamjibu nani. Linamjibu mteja, linamjibu pia mgeni aliyebahatisha anwani yako. Hapa kwetu namba ya simu si namba tu. Ndiyo akaunti yako ya pesa, na mtu akianza kukutumia pesa anaweza kuonyeshwa jina lako hata kabla hajamaliza. Mimi nilikuwa nikimwambia kila aliyeandika: namba yangu ni hii, na sitakuwa nyumbani hadi tarehe fulani. Mwizi angetaka nini zaidi?

Mwaka uliofuata nikaamua kukomesha mchezo. Nilikuwa na harusi ya binamu yangu, na bahati mbaya iliangukia wiki ya kufungua shule. Nikaandika: "Niko likizoni. Sitapatikana kwa simu. Nitajibu barua zote nikirudi." Nilijiona shujaa. Sheria ilikuwa upande wangu pia: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 28, inampa mfanyakazi siku za kazi zisizopungua 21 za likizo yenye malipo kamili baada ya kila miezi 12 ya kazi, na haisemi popote kwamba siku hizo zinakuja na simu ya ofisi.

Jumatatu saa mbili asubuhi malipo yakaacha kuonekana. Wazazi walikuwa wakilipa na kupata ujumbe wa M-Pesa kama kawaida, lakini kwenye ukurasa wa mhasibu hakukuwa na kitu. Chanzo kilikuwa cheti cha usalama cha seva, kile kinachoiwezesha anwani kuanza na `https`. Kilikuwa cha siku 90 na muda wake ulikuwa umekwisha, kwa hiyo M-Pesa ilikataa kuzungumza na seva yetu.

Hapa ndipo penye uchungu. Cheti kipya kilikuwepo! Programu ya kukihuisha ilifanya kazi yake wiki kadhaa kabla na kukiweka kwenye diski. Lakini nginx, inayopokea maombi kwenye seva, husoma cheti inapowashwa au inapoambiwa isome upya. Tulipohamia seva mpya mimi ndiye niliyepaswa kuweka amri ya kuiambia hivyo kila cheti kinapohuishwa, nami nikasahau. Basi nginx iliendelea kushikilia cheti cha zamani mkononi hadi kikaoza. Mwenzangu alitazama kwa amri hii:

```
sudo certbot certificates
```

Akaambiwa cheti ni halali, kimebakiza siku nyingi. Alikuwa anasoma kile kilichoko kwenye diski. Kivinjari, kinachoona kile nginx inachotoa, kilisema kimekwisha. Hivi viwili vikitofautiana, dawa ni mstari mmoja:

```
sudo systemctl reload nginx
```

Ningeusoma kwenye simu nikiwa nimesimama kwenye foleni ya pilau. Badala yake walihangaika hadi saa nane mchana, mtu mmoja alipokata tamaa na kuiwasha upya seva nzima, na ikapona bila yeye kujua kwa nini. Kwa saa sita malipo 214 hayakuandikwa. Ilibidi tupakue taarifa ya malipo ya kila shule na kuyaingiza moja moja. Pesa haikupotea hata shilingi, lakini kuna watoto waliorudishwa nyumbani siku hiyo kwa sababu mhasibu hakuona karo iliyokuwa imelipwa.

Nilipomuuliza mwenzangu mbona hakunipigia, alinijibu kwa upole, "Kaka, uliandika hutapatikana. Niliheshimu likizo yako." Sikuwa na la kusema.

Kwa hiyo msimamo wangu sasa ni huu. Usitaje simu kwa mazoea, na usiikatae kwa hasira. Jiulize kwanza: je, kuna kitu ambacho kikiharibika nikiwa mbali, hasara yake inahesabiwa kwa saa, na hakuna mwingine anayeweza kukitengeneza? Kama hakuna, usitoe namba. Andika jina la anayeshika nafasi yako, basi. Kama kipo, taja simu, lakini kitaje na kitu chenyewe.

Swali hilo lina faida nyingine. Kila unapojibu "ndiyo, kipo", umejua ni kitu gani cha kumfundisha mwenzako kabla ya likizo ijayo. Mimi safari hii niliandika kurasa mbili za maelekezo, mstari ule wa nginx ukiwa wa kwanza. Hata hivyo kilibaki kitu kimoja, kubadili namba ya Pay Bill ya shule ndani ya mfumo, ambacho nisingependa mtu akijaribu peke yake.

Nikaandika ujumbe mbili. Baadhi ya programu za barua pepe, Outlook kwa mfano, zinakuruhusu kuweka jibu moja kwa watu wa ofisi na jingine kwa watu wa nje. Tumieni nafasi hiyo. Wa nje walipata huu:

"Niko likizoni hadi Ijumaa, nitarudi kazini Jumatatu. Kwa suala lolote la mfumo wa karo tafadhali andikia anwani ya huduma ya wateja. Kuna mtu zamu kila siku. Barua nyingine nitazijibu wiki nitakayorudi."

Hakuna namba, hakuna mahali nilipo. Wa ndani walipata huu:

"Niko likizoni hadi Ijumaa. Anayeshika zamu ndiye wa kwanza kuulizwa. Yeye peke yake atanitafuta, na kwa mambo mawili tu: malipo ya M-Pesa hayaonekani kwa zaidi ya dakika 30 na maelekezo hayajasaidia, au namba ya Pay Bill inapaswa kubadilishwa. Anitumie arafa yenye neno MALIPO kisha apige mara mbili. Mtandao hapa ni wa shida mchana. Baada ya saa kumi na mbili jioni napatikana vizuri. Mengine yote yatanisubiri."

Tazameni kilichobadilika. Neno "haraka" halimo. Mambo ya dharura yametajwa kwa majina, na yana kipimo cha dakika, kwa hiyo mtu hana haja ya kupima moyo wake kama jambo lake linatosha. Nimetoa mlango mmoja wa mtu mmoja. Na nimesema ukweli kuhusu mtandao, maana kuahidi kupatikana mahali ambapo hupatikani ni kubaya kuliko kukataa.

Kupiga mara mbili si mbwembwe. Simu nyingi za Android zina chaguo la `Repeat callers` ndani ya `Do Not Disturb`: simu inabaki kimya, lakini mtu yuleyule akipiga tena ndani ya dakika 15, inalia. Kwa hiyo nililala usingizi wangu bila hofu. Watumiaji wa Gmail nao wajue kwamba `Vacation responder` humjibu mtu yuleyule mara moja tu katika siku nne. Akikuandikia tena kesho yake hatakumbushwa, ndiyo maana ujumbe unapaswa kueleweka kwa kusomwa mara moja.

Matokeo? Katika siku kumi nilipata arafa moja yenye neno MALIPO. Ilikuwa ya kweli, nikaimaliza kwa dakika nane. Nilipata pia simu moja ya bosi, bila arafa wala neno, akitafuta ripoti. Iliita kimya na sikuipokea. Nilimjibu Jumatatu asubuhi nikiwa mezani pangu, na ripoti ilikuwa mahali palepale ilipokuwa siku zote.

Kuna rafiki yangu anayesema nimeshindwa, kwamba likizo yenye namba ya simu, hata ya dakika nane, si likizo. Namwelewa. Lakini nakumbuka wale watoto waliorudishwa langoni na karo yao imelipwa. Dakika nane nitazitoa. Ila ripoti ya bosi itangoja.