Umesalimia, Lakini Umetazama Mikono Yake?



Neno la leo liko Ruthu 2:4-5, Mithali 27:14 na Luka 10:4-5. Fungua Biblia yako, soma mistari hiyo michache, kisha urudi hapa tuzungumze.

Wiki iliyopita niliharibu kazi ya fundi kwa salamu. Ndiyo, kwa salamu. Nilikuwa nimeenda gereji kuuliza kama gari langu liko tayari. Nilikuta matatu imeinuliwa kwa jeki, gurudumu la nyuma upande wa kushoto limetolewa, fundi amechuchumaa hapo na spana mkononi. Kijana wake alikuwa ndani, kwenye kiti cha dereva, mguu umekanyaga breki. Mimi nikaingia na ile sauti yangu ya mimbari: "Bwana asifiwe, mafundi!"

Kijana akageuka kunitazama, akatabasamu, na mguu ukainuka. Fundi akainamisha kichwa. Baada ya muda akasema kwa upole, "Pasta, salamu tumepokea. Lakini umetuingizia hewa."

Sikuelewa, basi akanieleza. Walikuwa wanatoa hewa kwenye breki. Kijana anakanyaga pedali mara kadhaa, kisha anaishikilia chini bila kuiachilia. Fundi analegeza kiskurubu kidogo kilicho nyuma ya gurudumu, mafuta ya breki yanatoka pamoja na mapovu, anakikaza tena, ndipo anamwambia kijana, "Achilia." Wanarudia hivyo mpaka mafuta yatoke bila povu, halafu wanahamia gurudumu lingine. Kijana akiinua mguu kabla kiskurubu hakijakazwa, breki inavuta hewa ndani na kazi ya gurudumu hilo inaanza upya.

Na hewa hiyo si jambo dogo. Mafuta hayashindiliki, ndiyo maana ukikanyaga pedali nguvu inafika hadi kwenye gurudumu. Hewa inashindilika. Ikibaki humo, pedali inabonyea kama sponji na gari linachelewa kusimama. Ile ilikuwa matatu ya abiria kumi na wanne. Fundi yule alikuwa makini, akaona kosa, akarudia. Lakini nilirudi nyumbani nikijiuliza: je, kama angekuwa amechoka, ana haraka, naye kwa heshima ya mchungaji akaacha kurudia?

Ndipo nikaielewa Mithali 27:14 kwa namna ambayo sijawahi kuihubiri. Mwenye hekima anasema kwamba mtu anayembariki rafiki yake kwa sauti kubwa alfajiri na mapema, baraka hiyo itahesabiwa kuwa laana. Maneno ni ya baraka. Nia ni njema. Kilichoharibika ni saa na sauti. Sisi watu wa maombi tunapenda kuamini kwamba jambo jema ni jema wakati wowote. Neno linasema sivyo.

Sasa usiniambie, "Basi, Mchungaji, tuache kusalimia watu walio kazini." Hapana. Hilo ni shimo la pili, na wengi wetu tumo ndani yake. Dada mmoja wa kanisa letu ni keshia. Aliniambia kwamba kwa siku nzima anaweza kuhudumia watu wengi sana, na wengi humwekea bidhaa mbele yake bila hata kumtazama usoni. Wengine husema "habari-hii-ni-ngapi" kwa pumzi moja. Mtu huyo hajasalimia. Salamu ni pale unaponyamaza ili mwenzako ajibu. Usipongoja jibu, umejifanyia kelele tu.

Mtazame Boazi. Shamba ni lake, wavunaji ni wake, mshahara ni wake. Anafika kutoka Bethlehemu, na ana swali moyoni, kwa sababu kuna mwanamke mgeni anayeokota masazo. Neno lake la kwanza si swali. Anawasalimia wavunaji kwa jina la Bwana, nao wanamjibu kwa baraka. Mstari wa nne unaishia hapo. Swali linakuja mstari wa tano, na angalia anamwuliza nani. Hamwulizi aliyeshika mundu. Anamwuliza kijana msimamizi, yule ambaye kazi yake ni kujua na kujibu. Salamu ilikuwa ya wote, swali likaenda kwa aliyekuwa na nafasi.

Mpendwa, hilo peke yake lingepunguza shida nyingi. Ukitaka kujua sukari iko rafu gani, mwulize kijana anayepanga bidhaa, usimwulize keshia aliye na foleni ya watu wanane. Ukitaka kujua gari litakuwa tayari saa ngapi, angalia gereji nzima kwanza. Mara nyingi kuna mmoja anayekunywa chai au anayeandika hesabu. Mwanzie huyo.

Na kama anayejua ni huyo huyo mwenye shughuli? Hapo ndipo ninasema: tazama mikono kabla ya kufungua kinywa. Keshia anayehesabu noti, usimsemeshe hata kwa salamu. Akipoteza hesabu anaanza upya, na katika maduka mengi pesa zikipungua jioni ni yeye anayeulizwa. Ngoja hadi droo ifungwe. Fundi anayekaza nati za gurudumu huzikaza kwa kuvuka, moja huku na nyingine upande wa pili, na anazihesabu kichwani. Ukimkatiza katikati, unaweza kumsahaulisha moja. Ngoja ashushe spana.

Nafasi huwa ipo, ila ni ndogo. Kwa keshia, ni pale ametoa risiti kwa aliyekutangulia na mkono wake haujagusa bidhaa yako ya kwanza. Hapo mtazame usoni, sema, "Pole na kazi, dada." Ngoja ajibu. Kwa fundi, simama mahali anapoweza kukuona, si nyuma ya mgongo wake. Akiinua macho, sema, "Habari ya kazi, fundi?" Akishaitikia, ongeza, "Nina swali moja. Nikuulize sasa au ningoje?"

Usipuuze hayo maneno ya mwisho. Wewe unaweza kutazama mikono, lakini huoni kilicho kichwani mwake. Labda anahesabu, labda anasikiliza injini, labda amekumbuka kitu ambacho akikipoteza hatakipata tena. Ukimwachia achague, umempa heshima ambayo salamu tupu haitoi. Akisema "ngoja," ngoja kweli. Usisimame hapo ukitazama saa na kupumua kwa nguvu. Hiyo nayo ni kumsukuma, hata kama mdomo umefungwa.

Lakini sikiliza upande wa pili, kwa sababu wapole nao hukosea. Kuna wakati kungoja ndiko kosa. Tuseme umechukua unga, rafuni uliona bei moja, na mashine inaonyesha bei ya juu zaidi. Ukinyamaza kwa ajili ya adabu mpaka ulipe, umemwongezea keshia mzigo. Kabla ya malipo, jambo hilo linaweza kurekebishwa hapo hapo. Baada ya malipo, katika supamaketi nyingi lazima aitwe msimamizi, risiti ifutwe au pesa zirudishwe, na foleni nzima isimame. Kwa hiyo sema mapema, mara tu bidhaa hiyo inapopita: "Samahani dada, rafuni niliona bei nyingine. Tuiangalie kabla hujafunga?" Kama ulimsalimia vizuri mwanzoni, ataipokea kama neno la mtu, hataisikia kama shutuma. Salamu ya mwanzo ndiyo iliyojenga daraja unalovukia sasa.

Na kuna wakati salamu yenyewe haifai kabisa. Ukiona gari linateleza kwenye jeki na mtu yuko chini yake, usiseme "habari ya kazi." Piga kelele atoke! Bwana wetu mwenyewe alipowatuma wanafunzi, Luka 10:4, aliwakataza kumsalimu mtu njiani. Salamu za siku zile zilichukua muda, na safari ilikuwa ya haraka. Lakini mstari unaofuata anawaambia kwamba wakiingia katika nyumba, neno lao la kwanza liwe la amani. Bwana ni yule yule na wanafunzi ni wale wale, mistari imekaa bega kwa bega. Njiani, hapana. Mlangoni, ndiyo, tena kwanza kabisa. Hakubadilisha moyo wake kati ya mstari wa nne na wa tano. Mahali ndipo palipobadilika.

Sisi wahudumu na watu wa kushuhudia tunahitaji hili kuliko wengine. Tunafika kaunta, tunamsalimia keshia, tunamwuliza ameokoka, tunamwalika kwenye kesha, na nyuma yetu mama ana mtoto mgongoni anangoja kulipia maziwa. Tunaondoka tukifurahi kwamba tumepanda mbegu. Keshia anabaki na foleni inayonung'unika, na sasa jina la Yesu limeunganishwa na manung'uniko hayo. Msalimie, mshukuru, mwite kwa jina kama limeandikwa kifuani, ondoka. Ukirudi wiki ijayo ukafanya hivyo tena, na tena, siku moja akiwa hana foleni yeye ndiye atakayekuuliza unasali wapi.

Mimi nilirudi gereji siku ya pili. Nilisimama karibu na lango, mahali wanaponiona, nikanyamaza. Fundi alikuwa chini ya gari, kijana anampokeza spana. Nilingoja kama dakika kumi hivi. Fundi alipotoka akafuta mikono kwa kitambaa, akacheka, akasema, "Pasta, leo unaweza kusalimia." Nikasema, "Pole na kazi, fundi." Akajibu, "Asante, nishapoa. Uliza."

Nikamwomba msamaha kwanza, yeye na kijana wake. Swali la gari langu likafuata.

Tuombe: Baba, tupe macho ya kuona mikono ya watu kabla hatujafungua vinywa vyetu. Utufundishe kuwasalimia wanaofanya kazi kama Boazi alivyowasalimia wavunaji, na kungoja jibu lao. Bariki kila keshia na kila fundi anayesoma ujumbe huu. Linda hesabu zao na linda mikono yao. Katika jina la Yesu, amina.

Kama wewe ni keshia, fundi, kinyozi au mhudumu wa hoteli, niandikie hapo chini: ni wakati gani hasa hupendi kusemeshwa ukiwa kazini? Nitawasomea washirika Jumapili, na mimi mwenyewe nitajifunza.