Akiba ya Mazungumzo Haiozi

Kila muhula simu za walimu na wanafunzi wengi hujaa, na mara nyingi mazungumzo ya WhatsApp ndiyo hufutwa kwanza. Juma linalofuata mzazi anauliza kiasi kilichokubaliwa cha safari ya darasa, na ushahidi umekwisha kutoweka. Dawa yake haihitaji simu mpya. Ni kuyatuma mazungumzo muhimu kwenye barua pepe, tuseme kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kabla ya kufuta chochote.

Katika simu ya Android, fungua mazungumzo hayo, gusa nukta tatu zilizo juu, kisha More, halafu Export chat. Ukiulizwa kuhusu picha, chagua Without media. Teua Gmail, kisha jitumie mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kidato cha Nne ambaye kikundi chake cha wazazi kina jumbe 5,000. Ikiwa kila ujumbe, pamoja na tarehe na jina, una herufi 100 hivi, faili nzima itakuwa kama nusu megabaiti. Hiyo ni ndogo kuliko picha nyingi za simu. Hifadhi kamili ya WhatsApp, yenye picha na video, ni mzigo mwingine kabisa; tangu 2024 hiyo huhesabiwa katika gigabaiti 15 ambazo Google humpa mtu bila malipo.

Hata hivyo, njia hii ina mipaka yake. Bila picha, hutumwa jumbe 40,000 za karibuni tu. Pamoja na picha, 10,000. Gmail nayo haitumi viambatisho vinavyozidi megabaiti 25. Kwa hiyo picha ya orodha ya alama na itumwe peke yake, kwani ndani ya faili mahali pake pataandikwa tu <Media omitted>. Aidha, faili hii haiwezi kurudishwa ndani ya WhatsApp. Ni ya kusoma na kutafuta neno, basi. Na kikundi kilichowasha Advanced chat privacy hakiruhusu mazungumzo yake kutolewa.

Lipo pia suala la siri. Ulinzi wa WhatsApp haufuatani na faili hiyo, na atakayeingia katika barua pepe yako atasoma yote. Mwalimu aliyehifadhi habari za watoto wa watu asimpelekee mwingine faili hiyo, wala asisahau kujiondoa anapotumia kompyuta ya shule au ya saiba.

Mwisho, usifute kabla ya kukagua. Fungua faili katika barua pepe, usome tarehe ya mstari wa kwanza na ya mstari wa mwisho. Zikilingana na unachokitaka, futa. Zisipolingana, mazungumzo yako hayajahifadhiwa.