KALENGA SIYO RUAHA! KAPSHENI ZA UTALII ZIACHE KUPIGA WATU

Wadau wa kula bata, hii inawahusu. Kuna posti ya kampuni moja ya kupeleka watu matembezi, jina kapuni, ilitembea sana Insta kipindi cha sikukuu. Pichani staa mmoja wa Bongo Muvi amekaa juu ya gari la safari, miwani usoni, nyuma yake kundi la tembo linavuka mto. Chini ya picha: "Iringa tunaenda kuiwasha! Siku 2, laki na themanini na tano tu. Usafiri, malazi, msosi, viingilio, kila kitu ndani. Tutafika Kalenga, kaburi la Mkwawa, njia ya Ruaha. Nafasi 14, wahi!"

Watu wakawahi. Mdada mmoja wa Dar, muuza nguo za mtumba, alituma pesa yote siku hiyo hiyo. Siku tatu kabla ya safari anauliza basi linaondokea wapi, anajibiwa: "Dada, usafiri ni kuanzia Iringa mjini. Ukifika stendi ya Igumbilo tupigie." Kutoka Dar mpaka Iringa ni karibu kilomita 500. Hiyo ni nusu ya safari nzima, na hakuna aliyeitaja.

Na tembo? Hakuna tembo. Hapo ndipo utamu wa ujanja ulipo, maana ukiisoma ile kapsheni neno kwa neno, hakuna uongo wa moja kwa moja. Imeandikwa "njia ya Ruaha", na kweli Kalenga iko kwenye njia ya Ruaha, kama kilomita 15 tu kutoka Iringa mjini. Lakini hifadhi yenyewe iko mbele huko, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Kufika Kalenga na kusema umeenda njia ya Ruaha ni sawa na kufika Kibaha ukasema umeenda njia ya Mikumi. Njia ni hiyo, ila simba hujamuona.

Kaburi la Mkwawa nalo ni hivyo hivyo. Kalenga ilikuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, Wajerumani wakaivunja Oktoba 1894. Yeye akaendelea kupambana porini mpaka Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe. Wakamkata kichwa. Fuvu lilirudishwa mwaka 1954 kutoka makumbusho ya Bremen, Ujerumani, na ndilo lililopo kwenye makumbusho ya Kalenga. Kiwiliwili chake kiko Mlambalasi, kama kilomita 50 kutoka Iringa. Makaburi utakayoyaona pale nje ya makumbusho ya Kalenga ni ya mwanawe Sapi na mjukuu wake Adam Sapi, yule Spika wa zamani wa Bunge. Kwa hiyo mtu anayeuza "Kalenga, kaburi la Mkwawa" ama hajui anachouza, ama anajua na anategemea wewe hujui. Anayetaka kaburi la Mkwawa lazima aandike Mlambalasi, aongeze mafuta na muda.

Tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Lile neno "kila kitu" likifunguliwa lilikuwa hivi: malazi ni kitanda, chumba mnalala wawili, anayetaka peke yake anaongeza elfu 30. Msosi ni chai ya asubuhi tu. Viingilio ni vya Kalenga na Isimila, basi. Sasa weka nauli ya basi Dar kwenda na kurudi, tuseme elfu 80. Milo mitatu iliyobaki elfu 30. Maji na asante ya muongozaji elfu 10. Na huyu dada hakutaka kulala na mtu asiyemjua, elfu 30. Jumla laki na nusu juu ya ile laki na themanini na tano. Safari imekuwa 335,000. Kama angeiona namba hiyo tangu mwanzo pengine angeenda, pengine asingeenda, ila angeamua mwenyewe. Alipotaka kurudishiwa akaambiwa malipo hayarudi. Hilo nalo halikuwa kwenye kapsheni.

Wenye kampuni wana majibu yao. La kwanza: "Kapsheni ndefu watu hawasomi." Sawa, Insta inakupa herufi 2,200 na msomaji anaona mistari michache tu mpaka abonyeze. Basi hiyo mistari michache ndiyo iwe ya mahali safari inapoanzia na vitu visivyomo, mbwembwe zikae chini. Wao wanageuza: moto na vikopa juu, ukweli chini kabisa au haupo. La pili: "Maelezo zaidi njoo inboksi." Inboksi ni mahali pa kuzungumzia ukubwa wa fulana. Bei na kilichomo vikae hadharani, ambapo wote wanaona kitu kimoja na hakibadiliki kulingana na sura ya mteja.

Na neno "viingilio" peke yake halina maana yoyote. Ukienda Ruaha kweli, kiingilio cha mtu kinahesabiwa kwa saa 24, gari linalipiwa kivyake, kulala ndani ya hifadhi kuna ada yake, na bei ya Mtanzania siyo ya mgeni. Ukiingia saa nne asubuhi ukatoka kesho yake saa nane mchana, umeshapitiliza. Nani analipa hiyo nyongeza? Kapsheni ya mtu mkweli inajibu kabla hujauliza.

Kapsheni ya hiyo safari ilitakiwa isomeke hivi:

"Kalenga na Isimila, siku 2, usiku 1. Inaanzia na kuishia Iringa mjini. 185,000 kwa Mtanzania, mnalala wawili chumba kimoja.
VIMO: gari kutoka Iringa, kitanda usiku 1, chai ya asubuhi 1, kiingilio Kalenga na Isimila, muongozaji.
HAVIMO: nauli ya kufika Iringa, chakula cha mchana na usiku, vinywaji, chumba cha peke yako (ongeza 30,000). Hatuendi Hifadhi ya Ruaha wala Mlambalasi.
Ukiahirisha: malipo hayarudi.
Picha: nguzo za udongo za Isimila."

Haifiki hata robo ya zile herufi. Na mstari wa picha ndio mkubwa kuliko yote, kwa sababu watu wananunua kwa macho. Isimila kuna nguzo za asili zilizochongwa na mvua na zana za mawe za kale, ukipiga picha pale inapendeza bila kuazima tembo wa watu.

Kwa wanaodhani ni utani wa mtandaoni: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kwenye biashara, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Ila malalamiko yanataka ushahidi, na posti inahaririwa kwa sekunde. Kabla hujatuma hata mia, piga skrinishoti ya picha pamoja na kapsheni yote, kisha uliza kwa maandishi: inaanzia wapi, milo mingapi, viingilio vya wapi, nikiahirisha inakuwaje. Akikujibu "usijali dada, kila kitu ndani", pesa yako ibaki kwenye simu yako.