Khamsini Zilizokuwa Tano

Enyi vijana, maneno haya ni yenu. Na wazazi wenu nao wayasikilize.

Kila mwaka ufikapo usiku wa mwezi 27 Rajabu, misikiti ya mwambao hujaa watu. Miraji husomwa, ubani hufukizwa, kahawa na haluwa huzungushwa. Ikifika alfajiri, safu ni moja, nayo haikutimia. Basi twauliza: mtu aliyekesha akisikiliza namna sala ilivyofaradhishwa, kisha akalala sala yenyewe ikampita, amesikiliza nini?

Sehemu ya lawama ni ya wahubiri. Wako wasioona katika Miraji ila vitisho. Huwasimulia wasichana ile hadithi ndefu ya wanawake walioning'inizwa kwa nywele zao, hadithi isiyokuwa na asili katika vitabu vya kutegemewa, na wasichana hutoka wakilia. Kisha lile lililothubutu katika Bukhari na Muslim hupitwa mbio. Nalo ndilo lenye faida kwenu.

Waandishi wengi wa Sira wanaiweka safari ile baada ya kufa Bibi Khadija na Abu Talib, na baada ya watu wa Taif kumpiga Mtume s.a.w. mawe. Alichukuliwa kutoka Makka hadi Baitul-Mukaddas, kisha akapandishwa mbinguni akiwa ni mtu aliyefiwa na kufukuzwa. Huko akafaradhishiwa umma wake sala khamsini kwa siku. Alipokuwa akirudi, Nabii Musa a.s. alimwuliza amepewa nini. Alipojibiwa, alimwambia kuwa yeye amekwisha kuwajaribu Wana wa Israili, na umma huu hautaweza. Rudi kwa Mola wako umwombe akupunguzie. Mtume s.a.w. akarudi, tena na tena, mpaka zikabaki tano. Musa akamwambia arudi tena, naye akajibu kuwa sasa anamwonea haya Mola wake. Ndipo ikanadiwa kuwa zile ni tano kwa kuzitenda, na ni khamsini kwa thawabu.

Fanyeni hesabu, enyi mliosoma shule. Sala khamsini katika saa 24 ni sala moja kila baada ya dakika 29 hivi, usiku na mchana. Zilizobaki ni rakaa 17 za faradhi kwa siku nzima. Na kila sala moja huandikwa kwa kumi.

Hapa husimama kijana mmoja akasema: "Mimi nimekwisha chafuka. Nimeacha sala tangu nilipobaleghe, nitaanza nikishaoa." Mwingine husema: "Mungu ni mwingi wa rehema," akageuka upande wa pili akalala. Hawa wawili waonekana mbalimbali, na kosa lao ni moja. Wa kwanza aona mlango umefungwa. Wa pili aona hapana haja ya kuuingia. Kisa hiki chawajibu wote wawili. Mlango haukufungwa, maana Mtume s.a.w. alirudishwa mara nyingi na kila mara akapunguziwa. Wala haupuuzwi, maana zilipofika tano yeye mwenyewe aliona haya kuomba zaidi. Wewe wamwomba nani akupunguzie ziwe mbili, au moja ya Ijumaa?

Tumchukue yule wa kwanza. Ana miaka 16, na amebaleghe akiwa na miaka 14. Mwaka wa Kiislamu ni siku 354. Miaka miwili, sala tano kila siku, ni sala 3,540. Hesabu hiyo humtisha, akakata tamaa. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanamtaka atubu na alipe upesi kadiri awezavyo. Lakini hata kama haraka yake haizidi kulipa sala moja kila baada ya faradhi, alfajiri kwa alfajiri na adhuhuri kwa adhuhuri, basi atakapotimiza miaka 18 hana deni. Msichana naye aondoe siku zake za hedhi, kwani sala za siku hizo hazilipwi. Deni lililoonekana bahari hulipwa kwa dakika chache kila wakati wa sala.

Na katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwa Ibn Masud kuwa Mtume s.a.w. alipewa mambo matatu usiku ule: sala tano, aya za mwisho za Sura ya Bakara, na msamaha wa madhambi makubwa kwa asiyemshirikisha Mwenyezi Mungu na kitu. Sala na msamaha vilishuka pamoja, usiku mmoja. Basi anayesema "nitasali nikishakuwa mwema" amegeuza mambo: adai apone kwanza, ndipo anywe dawa.

Mwaka huu ukihudhuria Miraji, sikiliza, kunywa kahawa yako, kisha nenda ukalale mapema. Alama ya kuwa umefahamu haitaonekana usiku ule. Itaonekana muadhini akinadi alfajiri.