Omeprazoli haiko chumvi ya kila bukari

Mu mufuko wa kazi wa wengi kati yetu, kando ya bukari, kunakuwaka sasa omeprazoli. Mugongo unauma, tunapewa diklofenaki. Diklofenaki inachoma tumbo, tunaongezewa omeprazoli. Miezi inapita, hakuna mutu anayeuliza itaisha lini. Siye wa sendika tunasema wazi: dawa hii ni nzuri, lakini namna tunavyoikunywa ni mubaya.

Kwanza ni saa. Mu tumbo kuko pompi ndogo ndogo zinazotoa asidi, na zinaamuka wakati chakula kinaingia. Omeprazoli inafunga tu pompi zilizoamuka, na haikawie mu damu. Ni vile inapashwa kutangulia chakula, dakika 30 mpaka 60. Kuimeza kisha kushiba ni kupoteza feza. Tuseme mwenzetu wa posti ya usiku anaamuka saa 15. Akunywe kidonge saa ile ile na maji, bila kukitafuna, kisha akule saa 15 na nusu. Asubuhi yake ni pale anapoamuka, hapana pale jua linatoka. Na asikate tamaa siku ya kwanza, juu nguvu yake yote inakuja kisha siku 3 ao 4.

Pili ni muda. Kwa kiungulia ao kidonda cha tumbo, mara nyingi wiki 4 mpaka 8 zinatosha. Kama kidonda kinatoka kwa mikrobu ya pilori, omeprazoli peke yake haiponyeshe, inapashwa kwenda pamoja na antibiotiki.

Kwa nini tusiendelee tu? Asidi ni mulinzi wa mulango. Inaua mikrobu nyingi za maji na chakula, hata ya kolera. Huku Katanga, kwenye kolera inarudia-rudia, kumufukuza mulinzi mwaka muzima si muchezo. Tena, kwa mwenye kuikunywa mwaka na zaidi, magnezi inaweza kupunguka mu damu: misuli inakaza, mikono inatetemeka, moyo unapiga ovyo. Mutu kama ule chini ya mgodi iko hatari kwake na kwa wenzake.

Lakini tusiache kwa gafula. Kisha miezi mingi, tumbo linalipiza: asidi inarudi na nguvu karibu wiki 2, na mutu anafikiri ugonjwa umerudi, anaanza tena. Munganga apunguze pole pole, kama vile 40 mpaka 20, kisha siku moja ndiyo, siku moja hapana. Na mwenye kidonda kilichotoka damu, ao anayelazimishwa kuendelea na diklofenaki, asiache bila munganga. Choo cheusi kama goudroni, kutapika damu, kukonda bila sababu: hapo hapana omeprazoli, ni hospitali leo leo.

Kwa hiyo tunaomba dispanseri za kampuni jambo moja: juu ya kila ordonansi ya omeprazoli, waandike tarehe ya mwisho. Na siye, kama haiko, tuiulize mbele ya kutoka.